Euler alivyojumlisha namba kumi akapata tarakimu ishirini

Chukua 1, ongeza 1/4, kisha 1/9, kisha 1/16, uendelee hivyo bila kikomo, kila asili ikiwa namba kamili iliyozidishwa kwa yenyewe. Jumla ni ngapi? Pietro Mengoli wa Bologna aliuliza swali hilo mwaka 1650. Mwaka 1689 Jakob Bernoulli, aliyekuwa akifundisha Basel, alikiri hadharani kwamba limemshinda na akaomba mwenye jibu amletee. Ndiyo maana mpaka leo linaitwa tatizo la Basel.

Kujumlisha moja kwa moja hakusaidii. Baada ya vipengele kumi unakuwa na 1.5498, baada ya elfu moja, 1.6439. Jibu halisi linaanza na 1.6449, kwa hiyo hata vipengele elfu moja vimekupa desimali mbili tu. Upungufu unaobaki baada ya vipengele N ni takriban 1/N. Anayetaka desimali ishirini kwa njia hii atahitaji vipengele 1 ikifuatwa na sifuri ishirini, na akiandika kimoja kila sekunde bila kulala atamaliza baada ya miaka trilioni tatu hivi.

Mwaka 1735 Leonhard Euler, akiwa na umri wa miaka 28 katika Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, aliwasilisha andiko lenye jibu hili: 1.64493406684822643647. Tarakimu zote ni sahihi. Vipengele alivyojumlisha kwa mkono vilikuwa kumi.

Siri iko katika kulinganisha jumla na eneo. Chora mstari uliopinda wa f(x) na uweke nukta kwenye kila namba kamili. Ukiunganisha nukta hizo kwa vipande vilivyonyooka, unapata safu ya trapeza, kila moja yenye upana wa 1. Eneo la trapeza moja ni nusu ya urefu wa kushoto pamoja na nusu ya urefu wa kulia, kwa hiyo eneo la trapeza zote ni jumla ya urefu wa nukta zote, isipokuwa nukta mbili za mwisho ambazo zimehesabiwa nusu nusu. Hiyo ndiyo jumla tunayoitafuta, ikiwa na marekebisho madogo pembeni. Eneo halisi chini ya mstari uliopinda ndiyo integrali, na mara nyingi integrali hupatikana kwa mstari mmoja wa hesabu hata pale ambapo jumla yenyewe haikamatiki.

Tofauti kati ya trapeza na integrali inatokana na kupinda kwa mstari. Ipime kwa mfano mwepesi kabisa: x kwa kipeo cha pili, kutoka 0 hadi 1. Trapeza ina eneo la 1/2, integrali ni 1/3, hivyo trapeza imezidisha 1/6. Katika hatua hiyo mwinamo wa mstari, yaani derivativu yake, umebadilika kutoka 0 hadi 2. Ziada ya 1/6 ni sehemu moja ya kumi na mbili ya badiliko hilo. Mstari mwingine wowote, ukiukata vipande vifupi vya kutosha, hufanana na huu. Kwa hiyo katika kila hatua makosa ya trapeza ni takriban 1/12 ya tofauti kati ya mwinamo wa kulia na mwinamo wa kushoto.

Sasa jumlisha makosa ya hatua zote, kwa sababu hapa ndipo kazi yote ilipofanyika. Hatua ya kwanza inachangia mwinamo wa nukta ya pili, kutoa mwinamo wa nukta ya kwanza. Hatua ya pili inachangia mwinamo wa nukta ya tatu, kutoa ule wa nukta ya pili. Mwinamo wa nukta ya pili umeongezwa mara moja na kutolewa mara moja, umejifuta. Wa nukta ya tatu utajifuta na hatua inayofuata, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Ziwe hatua kumi au milioni, kinachobaki ni mwinamo wa ncha ya mwisho kutoa mwinamo wa ncha ya kwanza. Kila kilichotokea katikati kimelipana chenyewe kwa chenyewe.

Baada ya marekebisho hayo hubaki makosa madogo zaidi, nayo hufuata mkondo uleule, ila sasa yanategemea badiliko la derivativu ya tatu, kisha ya tano, kisha ya saba. Derivativu za namba shufwa hazionekani. Kanuni yote, kutoka a hadi b, inaanza hivi:

```
f(a) + f(a+1) + ... + f(b)
  = integrali ya f kutoka a hadi b
  + (f(a) + f(b))/2
  + (f'(b) - f'(a))/12
  - (f'''(b) - f'''(a))/720
  + (f^(5)(b) - f^(5)(a))/30240
  - ...
```

Hizo 12, 720 na 30240 hazikuokotwa. Zinatokana na namba za Bernoulli, yuleyule aliyeomba msaada: 1/6, −1/30, 1/42, −1/30, 5/66 na nyingine. Alizipata akitafuta jumla za vipeo, na zilichapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Zana ya kulitatua tatizo lake ilikuwa mezani kwake mwenyewe, naye hakujua.

Kwa tatizo la Basel, Euler hakuanza kutumia kanuni kwenye 1. Alijumlisha kwanza vipengele kumi kwa mkono, akapata 1.5497677311665407 (yeye alikwenda desimali nyingi zaidi), kisha akaiachia kanuni mkia wote kuanzia 1/121. Ncha ya kushoto ni 10, ya kulia iko mbali bila kikomo, na huko kila derivativu ni sifuri. Kwa f(x) = 1/x² integrali ya mkia ni 1/10. Nusu ya f(10) inatolewa, kwa sababu kipengele cha kumi tayari kimehesabiwa kizima. Derivativu ya kwanza kwenye 10 ni −2/1000, hivyo sahihisho la kwanza ni 1/6000. Mengine yote yanageuka kuwa namba ya Bernoulli ikigawanywa kwa kipeo cha kumi. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya kuchagua 10: kugawanya kwa kipeo cha kumi ni kusogeza nukta ya desimali tu. Fuata hesabu inavyotulia:

```
vipengele 10         1.5497677311665407
+ 1/10               1.6497677311665407
- 1/200              1.6447677311665407
+ (1/6)/10^3         1.6449343978332074
- (1/30)/10^5        1.6449340644998741
+ (1/42)/10^7        1.6449340668808265
- (1/30)/10^9        1.6449340668474932
+ (5/66)/10^11       1.6449340668482508
```

Kila mstari unaongeza takriban desimali mbili. Angalia pia kwamba kuanzia mstari wa tatu majibu yanapishana: moja liko chini ya jibu halisi, linalofuata liko juu, kisha chini tena. Kwa mfululizo kama huu, ambao derivativu zake hubadilishana alama kwa utaratibu bila kuyumba, jibu halisi daima liko kati ya mistari miwili inayofuatana, na makosa hayazidi sahihisho la kwanza uliloliacha. Mhesabu anajua amefika wapi bila kulijua jibu. Miezi michache tu baadaye Euler aligundua kwamba jumla hiyo ni π²/6, na kwa kuwa njia aliyoipitia ilikuwa na mapengo, tarakimu ishirini zilizokuwa mkononi tayari zilikuwa shahidi wake mzito.

Huko Edinburgh, Colin Maclaurin alifikia kanuni hiyohiyo kwa njia yake, akaichapisha mwaka 1742. James Stirling, aliyewafahamu wote wawili, alikuwa amemjulisha Euler kwa barua mwaka 1738. Euler hakugombea, na kanuni ikabaki na majina mawili.

Kuna jambo moja linalowaponza wengi: masahihisho hayaendelei kupungua milele. Namba za Bernoulli huanza ndogo, lakini, bila kujali alama, B₁₆ tayari inazidi 7, B₁₈ inakaribia 55, B₂₀ inapita 529, nazo huzidi kukua kwa kasi kuliko kipeo chochote cha 10. Ili uone balaa lenyewe, anza kutumia kanuni kwenye 1 badala ya 10. Majibu yanakwenda 1.5, 1.667, 1.633, 1.657, 1.624, hapo yanaelekea kutulia. Kisha 1.700, 1.446, 2.613, na linalofuata ni −4.479. Jumla ya namba chanya imegeuka kuwa hasi. Kanuni haijakosewa popote. Imetumiwa kupita mahali pake.

Mahali pa kusimama panajulikana. Masahihisho hupungua mpaka daraja la derivativu linapokaribia 2π mara N, yaani kama mara sita ya namba uliyoanzia, kisha huanza kukua. Kwa N = 1 sahihisho dogo kuliko yote ni 1/42, hivyo huwezi kutarajia zaidi ya desimali moja au mbili. Kwa N = 10 sahihisho dogo kabisa liko kwenye desimali ya 27 hivi; Euler alisimama mapema, akiwa salama. Anayetaka desimali 50 asiongeze masahihisho tu, ajumlishe vipengele 20 kwa mkono kwanza, na sakafu inashuka hadi karibu na desimali ya 54.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hautoi ishara. Chukua f(x) = cos(2πx) kutoka 0 hadi N. Kwenye kila namba kamili thamani yake ni 1, hivyo trapeza zote pamoja zina eneo N. Integrali ni sifuri. Derivativu za ncha mbili ni sawa kabisa, kwa kuwa mstari unajirudia kila hatua, hivyo kila sahihisho ni sifuri pia. Kanuni inasema N ni sawa na 0, tena bila kuyumba hata kidogo. Kilichopotea ni baki, ile sehemu ambayo Euler hakuiandika na ambayo Siméon Poisson aliishughulikia katika miaka ya 1820. Kwa 1/x² baki ni dogo kuliko sahihisho linalofuata. Kwa wimbi hili baki ndilo kila kitu, kwa sababu mstari unapanda na kushuka kati ya nukta na nukta bila nukta yoyote kushuhudia.

Kipimo cha kuugundua mtego huu ni chepesi. Sogeza nukta zote nusu hatua na ukokotoe upya. Kwa 1/x² kwenye mkia wa mbali, jumla mpya na eneo lake havitaachana zaidi ya masahihisho yanavyotabiri. Kwa wimbi la cos kila thamani inageuka kutoka 1 kuwa −1, na jumla ya trapeza inaruka kutoka N hadi −N huku integrali ikibaki pale pale kwenye sifuri.