Asha abaki Asha: namna karuseli ya Kiingereza ilivyogeuzwa Kiswahili bila kupoteza utani

Karuseli tunayoichambua hapa ina slaidi saba, na kila slaidi ina sentensi moja au mbili fupi. Iliandikwa kwa Kiingereza kwa wasomaji wa Uingereza, na mada yake ni maneno ya siri ya akaunti za mtandaoni. Slaidi ya kwanza inamwambia msomaji kwamba neno lake la siri halistahili jina hilo. Ya pili inamtajia neno lenyewe: ni jina la mbwa wake. Ya tatu inasema mbwa huyo yumo kwenye picha ya ukurasa wake. Ya nne inacheka tabia ya kuongeza tarakimu moja mwishoni, ya tano na ya sita zinatoa ushauri, na ya saba inamwagiza akambadilishie mbwa jina.

Ukiitafsiri neno kwa neno, kila sentensi itaeleweka na hakuna atakayecheka. Tatizo la kwanza ni mbwa. Kwa Mwingereza, mbwa wa nyumbani ana jina linalopendwa, analala ndani na picha yake iko kila mahali. Utani umeegemea hayo yote bila kuyataja. Kwa wasomaji wengi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mbwa ni mlinzi wa getini, na ni wachache ambao wangelifanya jina lake kuwa siri ya akaunti. Msomaji akihitaji kuelezwa kwanza kwamba watu hufanya hivyo, utani umeshakufa.

Kwa hiyo mtafsiri anaanza na swali: utani huu unafanya kazi gani? Unamwonyesha mtu kwamba kitu anachokiita siri anakitangaza mwenyewe kila siku kwa mapenzi. Kazi hiyo kwetu inafanywa na jina la mtoto. Watu wengi huweka jina la mtoto pamoja na mwaka aliozaliwa, na mama mwenyewe mtaani haitwi kwa jina lake, anaitwa kwa jina la mwanawe. Muuza mboga, jirani na kondakta wanalitaja asubuhi hadi jioni. Hapa Kiswahili kimepata hata zaidi ya Kiingereza, kwa sababu mbwa wa Uingereza lazima utazame picha yake ndipo umjue, lakini jina la mtoto linatamkwa kwa sauti. Slaidi ya pili na ya tatu zikawa hivi:

Neno la siri
uliweka
Asha2015.

Mtaa mzima
unakuita
Mama Asha.

Kati ya slaidi hizo mbili hakuna neno la kuunganisha. Msomaji anatelezesha kidole, na mwendo huo wa kidole ndio kituo ambacho msimulizi angekaa kimya. Ukiandika “lakini” au “kumbe” mwanzoni mwa slaidi ya tatu, umemwashiria kwamba mzaha unakuja, naye atauona kabla haujafika.

Uamuzi wa pili ulikuwa jina la kitu chenyewe. Kiswahili kina nywila, kina nenosiri na kina neno la siri. Uchaguzi huu unagusa slaidi zote saba kwa sababu ya upatanisho wa kisarufi. Ukichukua nywila, vivumishi vitakuwa ndefu na ngumu. Ukichukua neno, vitakuwa refu na gumu. Nywila ingetupa sauti nzuri kwenye ushauri: “Ndefu, si ngumu.” Lakini ingetunyima neno “siri”, na bila hilo slaidi ya kwanza haina meno. Tulichukua neno la siri, kisha ushauri ukabaki “Refu, si gumu”, wenye kina cha -u pande zote mbili.

Maana ya mstari huo pia ililindwa. Mwongozo wa utambulisho wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2017, ulitilia mkazo urefu wa neno la siri kuliko kulazimisha mchanganyiko wa alama na tarakimu. Mtafsiri ambaye angeona sifa ya “imara” kwenye Kiingereza akaandika “gumu” angepata mstari mtamu wenye ushauri uliopinda.

Baada ya maneno kinakuja kipimo. Slaidi ya wima ya Instagram kwa kawaida husanifiwa kwa pikseli 1080 kwa 1350. Ukiacha ukingo wa pikseli 100 kila upande, unabaki na 880. Herufi nene ya kichwa yenye ukubwa wa 96 inakula wastani wa pikseli 53, kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi kama 16, nafasi zikiwamo. Kiingereza kina maneno mafupi mengi na kinakatika popote. Kiswahili kinabana nafsi, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, na neno kama “hawatakusaidia” likikosa nafasi linaruka zima kwenda mstari wa chini na kuacha pengo juu. Mtafsiri asipokata mistari mwenyewe, msanifu asiyejua Kiswahili atamkatia.

Slaidi ya kwanza inaonyesha faida ya kukata mwenyewe. Sentensi ni “Neno lako la siri si siri.” Sehemu ya “Neno lako la siri” peke yake ina herufi 17, imezidi kidogo. Tukaikata mara tatu:

Neno lako
la siri
si siri.

Sasa mistari miwili ya mwisho imekaa mmoja juu ya mwingine, tofauti yake ikiwa silabi ya kwanza tu. Jicho linaona mfanano na ukanusho kwa wakati mmoja. Ufinyu wa nafasi ndio uliotupa mdundo huo.

Mdundo wenyewe una sheria ambayo haikwepeki. Kiingereza kinaweza kumaliza sentensi kwa neno la silabi moja lenye mkazo, likagonga kama nyundo, na neno lao la mbwa ni la aina hiyo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo karibu kila sentensi yetu inamalizika kwa kushuka. Dawa ni kuweka mwishoni neno la silabi mbili, ili mkazo na nukta visiachane mbali: siri, leo, Asha. La kuepuka ni kumalizia kwa maneno ya kusindikiza kama wako, hiyo au pia, ambayo hayabebi habari. “Mama Asha ndilo jina unaloitwa na mtaa mzima” ni sentensi sahihi, ila kicheko kimetoka mwanzoni na maneno mengine sita yanakikanyaga. “Mtaa mzima unakuita Mama Asha” inakihifadhi hadi mwisho.

Slaidi ya nne ilitumia chombo ambacho Kiingereza hakina, yaani kiambishi -ka-:

Ukaongeza 1.
Mwizi naye
anajua kuhesabu.

“Uliweka” ya slaidi ya pili imefungua hadithi, na “ukaongeza” inaiendeleza bila “halafu” wala “baadaye”. Kiambishi hicho kinabeba pia dhihaka kidogo, kama mtu anayesimulia ujanja wa mwenzake. Ila kina mpaka. Instagram huweza kumletea tena msomaji karuseli aliyoipita, safari hii ikianzia slaidi ya pili. Slaidi ya pili ikianza kwa “Ukaweka”, itaning’inia bila mwanzo. Ndiyo maana ile ya pili ina -li- na inajitosheleza, na -ka- imesubiri hadi ya nne.

Kwenye ushauri hatukuhitaji kuchekesha sana. Kiingereza kilitumia maneno kadhaa kueleza kwamba msomaji achague maneno yasiyohusiana. Kiswahili kilimaliza kwa moja: “Chukua maneno manne yasiyojuana.” Kauli ya kutendana imeyafanya maneno kuwa kama watu waliokutana kituoni, na tabasamu linapatikana bila mzaha wa wazi. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, uliwekwa mfano: ndizi-karani-mvua-kiatu. Slaidi ya sita ikafuata: “Refu, si gumu. Kila akaunti na lake.” Hapo kulikuwa na kishawishi cha kupachika methali. Karuseli hii haikuwa na methali kwa makusudi, kwa sababu msomaji akiisikia tu hujiweka tayari kuonywa, na utani unageuka hotuba ya mgeni rasmi.

Slaidi ya saba ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Kumbadilishia mbwa jina ni upuuzi unaochekesha; kumwambia mama ambadilishie mtoto jina ni ukorofi. Tukageuza mwelekeo: badala ya agizo la kipuuzi, tukampa hakikisho ambalo hakuliomba.

Badili neno leo.
Asha abaki Asha.

Kila mstari una mizani saba, na kila mmoja una herufi 16 ukihesabu nafasi na nukta, kwa hiyo inalingana sikioni na machoni. Kicheko kinatokana na kwamba hakuna aliyefikiria kumgusa Asha, mpaka slaidi ilipomtetea. Ulinganifu wa namna hii uliwekwa kwenye slaidi ya kwanza na ya saba tu. Ungeenea kote, karuseli ingekuwa shairi la mahafali.

Upimaji ni rahisi na hauhitaji mtaalamu. Tafuta mtu ambaye hajaona Kiingereza, mpe slaidi moja moja, na kabla hajafungua inayofuata muulize anadhani itasema nini. Akiitabiri “Mama Asha” mapema, utani umevuja na slaidi ya pili inasema kupita kiasi. Akirudi nyuma kusoma tena, kuna upatanisho au kiambishi kilichopotea. Akicheka kwenye slaidi ya tatu na kutabasamu kwenye ya saba, kazi imefika. Msomee pia kwa sauti: mahali ulimi unapojikwaa ndipo Kiingereza kimebaki chini ya sentensi.

Tafsiri hii ina mipaka yake. Kijana asiye na mtoto hataguswa moja kwa moja. Atamcheka mama yake. Wanaume wanaoitwa Baba Asha wanaingia kwa mlango wa nyuma. Kwa wasomaji wa Nairobi huenda Mama Brian akasikika zaidi kuliko Mama Asha, na hapo slaidi ya saba lazima ipimwe upya, kwa sababu jina likibadilika mizani na urefu vinabadilika nalo.

Kwa mfasiri anayepokea kazi ya namna hii, ushauri ni mmoja: usikabidhi maandishi peke yake. Kabidhi jedwali lenye safu tatu, yaani Kiingereza, Kiswahili kilichokwisha kukatwa mistari, na maelezo mafupi ya kila kilichobadilishwa na sababu yake. Mteja asiyesoma Kiswahili atauliza kwa nini mbwa amekuwa mtoto, na msanifu ataomba kuunganisha mistari ili apate nafasi ya picha. Wote wawili wanapaswa kukuta jibu limeshaandikwa.