Kipashio cha Tatu katika Mchongoano: Uvunjaji wa Ruwaza na Mipaka Yake

Mchongoano, mchezo wa kurushiana dhihaka miongoni mwa vijana wa mijini nchini Kenya, huwa aghalabu na umbo la pande mbili: sifa hutajwa, kisha hutiwa chumvi kwa neno "mpaka" au "hadi". Lipo pia umbo la pande tatu, ambalo nguvu yake hutokana na matarajio ya msikilizaji. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchanganuzi: "Mjomba wako ana sauti ya simba, kifua cha simba, na ujasiri wa simba wa blanketi."

Kipashio cha kwanza, kikisimama peke yake, ni sifa tu. Cha pili ndicho kinachounda ruwaza, kwa kuwa msikilizaji sasa anaweza kukisia kitakachofuata. Cha tatu huanza kwa kuitii ruwaza hiyo: nomino, a-unganifu, kisha simba. Hadi hapo mjomba angali anasifiwa. Neno "blanketi" ndilo linalomgeuza simba kuwa picha iliyofumwa, na linazirudia sifa mbili za awali na kuzitia shaka. Kwa hiyo kinachovunjwa ni maana, sarufi haiguswi. Kiswahili huufaa ufundi huu kwa sababu kivumishi hufuata nomino, hivyo neno la kuvunja hukaa mwisho bila kulazimishwa.

Kasoro hujitokeza vipashio vinapobadilishwa. "Ujasiri wa simba" pekee hurudisha sentensi kwenye sifa, pengine ya kuchosha. "Kifua cha kuku" kikiwekwa katika nafasi ya pili, kicheko huja mapema na kipashio cha tatu hukosa cha kuvunja. Mchezaji asiye na subira hupotelea hapa. Simba wa nne akiongezwa kabla ya blanketi, hadhira hupata muda wa kuushuku mtego.

Ugumu wa kihakiki uko kwenye kipashio cha tatu kinachotaja kabila. Kwa juu juu nacho huvunja ruwaza. Lakini simba wa blanketi hueleweka kutokana na simba wawili waliotangulia, ilhali jina la kabila hueleweka tu kwa msaada wa dhana mbaya ambayo hadhira ilikuja nayo. Ukiondoa vipashio viwili vya kwanza, blanketi halichekeshi. Dhihaka ya kikabila huumiza vilevile. Jaribio hilo la kuondoa lina manufaa kwa washauri wanaotafsiri Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayokataza matamshi ya chuki ya kikabila, ingawa haliwezi kuthibitisha nia ya msemaji. Tena huhitaji kauli nzima. Nukuu inayohifadhi mstari wa mwisho tu huwa tayari imeviondoa vipashio viwili, na msomaji wake hana namna ya kujua kama palikuwa na ruwaza ya kuvunjwa.