Sweta ndani, buibui juu: kuvaa kusi kwa nguo za kaskazi

Mchana wa Machi, kaskazi ikielekea kwisha, joto la Lamu hupita nyuzi 30. Julai, kusi ikiwa imekolea, hushuka kwa nyuzi chache tu. Mwenye kutoka Matondoni asubuhi kwa boti kwenda Lamu mjini hutetemeka kwa sababu ya upepo na manyunyu: boti ikishazunguka kaskazini mwa kisiwa na kugeukia mji, kusi inampiga usoni. Kwa hiyo nguo za kaskazi hazihitaji kubadilishwa. Zinahitaji kuzibwa upepo.

Tuchukue mwanamke mwenye dera la pamba, buibui, mtandio, sweta ya vifungo ya mtumba na viatu vya kufunika. Wengi huitupia sweta juu ya buibui, na hapo ndipo baridi inapoingia. Sweta imefumwa kwa matundu. Hutia joto kwa kushika hewa iliyotulia, na upepo ukipenya, hewa ile huondoka. Buibui limefumwa kwa kubana, upepo haulipenyi kwa urahisi. Basi mpango uwe dera, kisha sweta, kisha buibui juu. Sweta iishie kiunoni: ikiwa ndefu hujikunja ukikaa kwenye ubao wa boti. Mtandio uzungushwe shingoni mara moja na ncha zake zichomekwe ndani ya buibui, kwani upepo mwingi huingilia kwenye ukosi. Ukishuka mjini na jua limepanda, unaivua sweta chini ya buibui na vazi linabaki kamili.

Viatu vya kufunika visivaliwe kwenye boti. Maji ya chumvi hukausha ngozi ikapasuka, na raba iliyolowa huweka mguu baridi siku nzima. Panda na ndara, viatu viwe ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na soksi. Ukifika, futa mchanga, kausha miguu, ndipo uvae.

Kinachoharibu mpango huu ni chumvi. Huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo sweta iliyopigwa na manyunyu hukauka mchana na kurudi kuwa na majimaji jioni. Shika ncha ya mkono wake magharibi ikiingia: ukiona inanata, chumvi imo bado. Isuuze kwa maji matamu, uikamue bila kuisokota, uianike ikiwa imelazwa ili isirefuke. Kusi ikiisha, usiiweke sandukuni kabla ya kuipima hivyo, la sivyo utaitoa mwaka ujao imeshika kuvu.

Mpango huu ni wa upepo, si wa mvua. Masika ikinyesha, buibui likilowa hung'ang'ania sweta, na sweta yenyewe hunywa maji ikawa nzito. Siku hiyo kinachofaa ni koti la mvua, na hilo kabati la kaskazi haliwezi kulitoa.