Nani Kanawa? Hesabu ya Sabuni Katika Shule ya Tunduma

Hojaji ya kunawa mikono hujazwa kwa dakika tano, na majibu yake hujulikana kabla haijagawiwa. Waulize wanafunzi mia moja wa kidato cha pili kama hunawa kwa sabuni wanapotoka chooni, na wengi watajibu ndiyo, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kujibu tangu darasa la nne. Hata hivyo kila mwaka miradi ya afya shuleni hujengwa juu ya hojaji kama hizo, ikiwemo inayotayarishwa kwa ajili ya maonyesho ya Young Scientists Tanzania, shirika lililoanzishwa mwaka 2011. Chati huwa nzuri, ila kilichopimwa ni kumbukumbu ya somo tu.

Mada nyingine za afya nazo zina mitego yake. Usingizi unapimwa kwa kumuuliza mtu alilala saa ngapi, na mwanafunzi wa kutwa anayeishi Tunduma, malori yakinguruma usiku kucha kusubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, hawezi kukupa zaidi ya makisio. Lishe ina nafuu kidogo: makande yaliyobaki kwenye sahani yanapimika kwa mizani. Kunawa mikono kuna faida ya pekee, kwamba tendo lenyewe hufanyika mahali pamoja, mbele ya macho, na huacha alama inayopimika. Alama hiyo ni sabuni iliyopungua.

Tuchukue shule ya sekondari ya kutwa mjini Tunduma, yenye vyoo vya wasichana upande mmoja, vya wavulana upande wa pili, na ndoo ya lita 20 yenye koki mbele ya kila upande. Sabuni ya kipande haifai kwa kazi hii. Ikilowa hunyonya maji na kuwa nzito, ikikauka hupungua, na ikiachwa peke yake hadi mchana huenda ikaondoka na mtu. Inafaa sabuni ya unga iliyoyeyushwa: gramu 30 katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kikitobolewa kwa msumari wa moto ili mtu akiminya chupa sabuni itoke kwa mchirizi. Ni nafuu, hakuna wa kuiiba, na ujazo wake unasomeka kwenye silinda ya kupimia iliyomo katika maabara yoyote ya Kemia. Ngoja povu litulie kabla ya kusoma, vinginevyo utakosea kwa mililita kadhaa kila mara.

Kabla ya kupima wengine, pimia kwanza tendo moja. Waite wanafunzi ishirini wa vidato mchanganyiko, wanawe kama kawaida yao bila kuelekezwa, kisha uangalie chupa imepungua kiasi gani. Tuseme imepungua mililita 80. Basi kunawa mara moja ni mililita 4 kwa wastani. Rudia siku nyingine na kundi lingine. Ukipata mililita 70 au 90 hakuna shaka, ila ukipata 150 ujue tundu la kifuniko limepanuka. Weka pia chupa ya pili, ya aina ileile na yenye tundu kama lile, mahali ambapo hakuna anayeigusa. Hiyo itakuonyesha kiasi kinachopotea kwa kuvuja na kukauka tu.

Sasa macho. Wakati wa mapumziko ya saa nne asubuhi, mwanafunzi mmoja anakaa mbali kidogo na mlango wa choo, daftari mkononi kama anayejisomea, na kuweka mistari kwenye safu tatu: aliyetoka bila kunawa, aliyenawa kwa maji matupu, aliyenawa kwa sabuni. Haandiki jina la mtu. Msichana anahesabu upande wa wasichana, mvulana upande wa wavulana. Kamera isikaribie hapo kabisa, na ruhusa ya mkuu wa shule iwe kwenye karatasi kabla ya siku ya kwanza. Kwa siku mbili za mwanzo wakae wahesabuji wawili sehemu tofauti, kila mmoja akiandika mtu mmojammoja kwa mpangilio wa kutoka. Jumla zao zinaweza kulingana huku wakitofautiana kuhusu nani alinawa, kwa hiyo zilinganishwe orodha, si jumla.

Hapo ndipo chupa na macho vinapokutana. Tuseme katika mapumziko hayo wametoka watu 160 upande wa wasichana, na mhesabuji ameandika 38 walionawa kwa sabuni. Chupa, iliyosomwa kabla ya kengele na baada ya kengele, imepungua mililita 190. Chupa isiyoguswa imepungua 10. Inabaki 180, na ukigawanya kwa 4 unapata kunawa mara 45. Kati ya 38 na 45 hakuna ugomvi, maana wapo wanaominya mara mbili. Lakini chupa ikisema 110 wakati macho yanasema 38, kuna aliyechota sabuni kufua soksi au kudekia darasa. Ikisema 12, ama mhesabuji ameandika alichotamani kukiona, ama kuna msamaria aliyeongeza maji ili sabuni isiishe. Hili la kuongeza maji ni la kawaida mno katika shule zetu, na dalili yake ni rahisi: povu linakuwa jepesi, na usawa wa sabuni chupani unashuka kidogo mno au hata kupanda. Siku hiyo futa usomaji wa chupa, usijaribu kuurekebisha.

Swali gumu zaidi ni kama wanafunzi wananawa kwa sababu wanatazamwa. Watafiti waliofanya kazi Bangladesh waliliona hili waziwazi. Waliweka vifaa vidogo vinavyohisi mwendo ndani ya vipande vya sabuni majumbani, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 sabuni hizo zilitikiswa kwa asilimia 35 zaidi siku ambayo mtazamaji alikuwa amekaa ndani ya nyumba. Kenya nako, utafiti wa mwaka 2014 katika shule za msingi ulionyesha kwamba mtoto hunawa zaidi akiwa na mwenzake kuliko akiwa peke yake.

Shule ya Tunduma haina vihisi mwendo, lakini ina chupa. Mhesabuji akae Jumatatu na Jumatano. Jumanne na Alhamisi asiwepo, na chupa isomwe saa zilezile. Ikiwa siku za macho chupa hupungua mililita 180 na siku zisizo na macho 120, mtazamaji ameongeza nusu nzima, na idadi ya 38 haiwezi kuandikwa kama tabia ya kawaida ya shule. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito wa mradi wote. Wanafunzi wawili wakifika mbele ya majaji na takwimu hiyo moja, wamefanya kazi ambayo miradi mingi ya watu wazima huiruka.

Baada ya wiki mbili za kupima bila kugusa kitu, ndipo badiliko linaletwa. La kuiga ni lile lililojaribiwa katika shule mbili za msingi nchini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2016: njia iliyopakwa rangi kutoka chooni hadi mahali pa kunawia, nyayo zilizochorwa juu yake, na viganja vilivyochorwa hapo pa kunawia. Hakuna aliyehutubiwa. Kabla yake asilimia 4 tu ya watoto walinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Siku iliyofuata kazi kukamilika walifika asilimia 68, na wiki sita baadaye walikuwa 74. Ni shule mbili tu, kwa hiyo tusiahidi kwamba Tunduma itakuwa hivyohivyo, ila kopo moja la rangi ya mafuta halimfilisi mtu.

Rangi inahitaji sakafu ya saruji. Njia ya udongo, mvua za Novemba hadi Aprili zikishaanza, haitabakiza unyayo hata mmoja. Usipake pande zote mbili kwa pamoja. Paka kwa wasichana kwanza, subiri wiki mbili, kisha paka kwa wavulana. Unawaji ukipanda kwa wasichana wiki ya tatu huku wavulana wakibaki palepale, halafu wavulana wakapanda wiki ya tano, una hoja nzito kwamba rangi ndiyo iliyofanya kazi. Ukipanda pande zote wiki ya tatu, tafuta sababu nyingine: huenda gari la matangazo la halmashauri limepita likitahadharisha kipindupindu, huenda ni wiki ya Siku ya Kunawa Mikono Duniani, tarehe 15 Oktoba. Tangu mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, na baadaye korona mwaka 2020, watu wamezoea kunawa kwa msimu wa hofu na kuacha hofu ikipita.

Kwenye kuchambua, kosa linalorudiwa ni kujumlisha watu. Mwanafunzi anaandika kwamba kabla walinawa 200 kati ya 800 na baada walinawa 360 kati ya 800, kisha anatangaza ushindi. Watu 800 hao ni walewale waliohesabiwa siku baada ya siku, na wanafunzi wanaotoka pamoja huigana. Kinachostahili kulinganishwa ni siku. Chora nukta moja kwa kila siku, asilimia ikiwa wima na tarehe ikiwa mlalo. Ikiwa siku za kabla zilizunguka kati ya 18 na 31 na siku za baada ziko kati ya 38 na 52, mtu yeyote anaona pengo bila fomula. Ikiwa nukta zinaingiliana, ongeza siku, usiongeze maneno.

Limebaki jambo ambalo huko Tunduma haliwezi kupuuzwa. Mji huu umelalamikia uhaba wa maji kwa miaka mingi, na ndoo ya shule inayojazwa kwa madumu inaweza kukauka kabla ya saa nne. Siku hiyo hesabu itaonyesha hakuna aliyenawa, na ukiichanganya na siku nyingine utakuwa umewalaumu wanafunzi kwa koki isiyotoa maji. Kwa hiyo fomu iwe na safu ya maji na safu ya sabuni, zikijazwa mwanzo wa mapumziko na mwisho wake. Ndoo ikiisha katikati, dakika zilizobaki zihesabiwe peke yake.

Mwalimu unayesimamia kazi hii muhula huu, kabla hujanunua rangi waagize wanafunzi wako waikague ndoo kwa wiki mbili. Wakikuta ilikuwa na maji chini ya nusu ya mapumziko yote, wabadilishe swali: walicho nacho hapo ni mradi wa maji, na takwimu zake zinafaa kupelekwa kwa bodi ya shule kabla ya kupelekwa kwenye maonyesho.