Gramu Ngapi kwa Kila Chombo cha Mkate

Anayeoka mkate Tarime au Mugumu mara nyingi huwa na vyombo visivyolingana. Kimoja kimenunuliwa dukani, kingine kimekunjwa na fundi bati kwa kipimo chake mwenyewe, cha tatu kimerithiwa. Resipe, kwa upande wake, imeandikwa kwa chombo kimoja ambacho huenda hana. Akikata donge kwa macho, mkate mmoja utafurika na mwingine utalala chini ya ukingo, ingawa unga ni ule ule na hamira ni ile ile.

Kinachotakiwa kujulikana ni ujazo wa chombo. Rula peke yake hudanganya, kwa sababu vyombo vingi vya mkate vimepanuka juu na kubanwa chini. Chukua chombo chenye sentimita 20 kwa 10 mdomoni, 18 kwa 8 kitakoni, na kina cha 7. Ukizidisha vipimo vya mdomo utapata mililita 1,400, lakini ukikijaza maji utakuta kinabeba karibu 1,200 tu. Kwa hiyo kiweke juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha jaza maji hadi ukingoni: gramu moja ya maji ni mililita moja. Chombo cha fundi bati kikivuja kwenye pembe zilizokunjwa, tumia ulezi badala ya maji. Kijaze, sawazisha kwa kijiti, kisha mimina ulezi huo kwenye jagi lenye alama za mililita. Usiupime ulezi kwa mizani, maana gramu zake hazilingani na mililita.

Sasa tafuta uwiano kutoka kwenye chombo kilichokwisha kukupa mkate mzuri. Tuseme hicho cha mililita 1,200 hutoka vizuri kwa donge la gramu 540. Gawanya 540 kwa 1,200, unapata 0.45. Kwa mkate mweupe wa kukanda kwa mkono, katika chombo kisicho na kifuniko, hiyo ni namba nzuri ya kuanzia. Aliyeamini rula angeweka gramu 630, yaani 90 za ziada, na donge lingemwagika pembeni.

Tuseme unataka kuoka kwa pamoja katika vyombo vitatu vya mililita 1,800, 1,100 na 650. Kwa 0.45, madonge yatakuwa gramu 810, 495 na 293, jumla 1,598. Ongeza kidogo kwa ajili ya unga unaobaki mikononi na kwenye bakuli, ufike 1,630. Resipe yako ina unga gramu 500, maji 300, sukari 40, majarini 30, chumvi 8 na hamira kavu 7, jumla 885. Gawanya 1,630 kwa 885, kisha zidisha kila kitu kwa jibu hilo, 1.84. Unga unakuwa gramu 920, maji 552, sukari 74, majarini 55, chumvi 15 na hamira 13. Ukishakanda, kata kwa mizani. Kila donge litajaza chini kidogo ya nusu ya chombo chake kabla ya kuumuka, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Anayeuza huanzia mwisho. Mkate wa gramu 400, kipimo kilichozoeleka ng'ambo ya Sirari, hupoteza takriban sehemu moja ya nane ya uzito wake motoni kwa sababu ya mvuke. Donge lake basi ni kama gramu 455, na chombo kinachoufaa ni cha mililita 1,000 hivi.

Unga wa atta, au mweupe uliochanganywa na wa ulezi, hauumuki sana, kwa hiyo panda hadi 0.50 au zaidi kidogo. Mwinuko nao una kazi yake. Tarime iko juu zaidi ya Musoma iliyo kando ya ziwa; hewa ni nyepesi na gesi ya hamira hutanuka kwa urahisi. Hapo punguza hamira kidogo kabla ya kugusa uzito wa donge.

Mkate ukibaki chini ya ukingo, usikimbilie kuongeza gramu. Bonyeza donge kwa kidole kabla ya kulitia jikoni. Shimo likirudi papo hapo, donge lilihitaji muda zaidi. Likirudi polepole, na donge likiwa limefika ukingoni au limeupita kidogo, wakati umefika. Kama kidole kinasema tayari na donge bado liko chini sana, hapo gramu ndizo chache. Utaona pia ubavu wa mkate umepauka, kwa sababu kuta za chombo zimeukinga na joto. Gramu zikizidi, kichwa hutokeza nje kama uyoga, ubavu hupasuka chini yake, na katikati hubaki pabichi hata rangi ya juu ikivutia. Ongeza au punguza 0.02 kwenye uwiano, uoke tena, na uandike namba iliyokubali kwa msumari chini ya kila chombo.