Alama ya > na Mstari Uliotangulia

Tuanze na matini yenyewe, maana ni fupi:

```python
def funga(ujumbe):
    data = ujumbe.encode("utf-8")
    return struct.pack(">I", len(data)) + data
```

Kazi yake ni kufunga ujumbe kabla ya kuutia kwenye soketi. TCP hupitisha baiti kama maji ya mfereji: zinafika kwa zamu yake, ila haijui ujumbe mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Ndiyo maana kila ujumbe hutanguliwa na baiti nne za kutaja urefu. “Habari” hutoka hivi:

```
00 00 00 06 48 61 62 61 72 69
```

Tuitazame `>`. Inaamuru baiti yenye thamani kubwa itangulie, kama sisi tunavyosema ishirini na tano, ilhali Mwarabu huanza na tano. Ukiifuta, Python hufuata desturi ya mashine, na kompyuta nyingi za leo huanza na baiti ndogo. Majaribio kwenye mashine moja yatapita, kwa kuwa mtumaji na mpokeaji wanakosea pamoja. Lakini programu ya Java inayosoma kwa `readInt`, ambayo daima huanza na baiti kubwa, itaikuta 6 imekuwa 100,663,296.

Hata hivyo, ninachokipenda zaidi ni zamu ya mistari: herufi zinageuzwa baiti kwanza, ndipo zinapimwa. Tuseme mwandishi angeandika `len(ujumbe)`. “Habari” isingemfichua, maana herufi zake sita ni baiti sita. Mpe “Ng’ombe” yenye ritifaa iliyopinda. Macho yanaona alama saba. UTF-8 inatoa baiti tisa, kwani ritifaa hiyo peke yake hula tatu. Kichwa kinatangaza saba, mpokeaji anachukua “Ng’om”, na “be” inabaki njiani.

Hapo ndipo umbo hili linapoonyesha udhaifu wake. Ikiwa “Habari” inafuata, mpokeaji anachukua baiti nne akidhani ni kichwa: mbili za “be”, mbili za sifuri.

```
62 65 00 00
```

Hiyo ni 1,650,786,304. Hakuna kosa linaloripotiwa. Programu inakaa tu ikisubiri zaidi ya baiti bilioni moja na nusu ambazo hakuna aliyezituma, na anayeitazama atadhani mtandao umelala.

Baiti hizo nne hazina alama yoyote ya kumrudisha mpokeaji aliyepotea, na kwangu hilo ni pengo la kweli. Mpokeaji ajiwekee kikomo, tuseme baiti 1,048,576 kama ujumbe wake ni mfupi. Kichwa kikitaja zaidi, akiandike kwenye kumbukumbu kwa heksadesimali kisha afunge muunganisho. Atakayesoma kumbukumbu hiyo ataona `62 65`, na kuitambua “be” ya ng’ombe.