Nusu Pigo la Kimya Mwanzoni mwa Simfoni ya Tano

Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa hadharani mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, haianzi na sauti. Inaanza na kimya. Kipimo chake cha kwanza kina mapigo mawili, na nusu ya pigo la kwanza ni pumziko. Ndipo zinakuja nota tatu fupi za sauti moja, kisha nota ndefu inayoanguka mwanzoni mwa kipimo cha pili. Walioimba kwaya kwa tonik solfa wataiona wazi wakiiandika hivi: | .m :m .m | d :– |. Mbele ya nukta ya kwanza hapana kitu, na hapo ndipo penye hatari. Katika solfa, kistari humwambia mwimbaji aendelee kushika sauti, lakini kimya huandikwa kwa kuachwa nafasi tupu, na jicho hupita nafasi tupu kana kwamba haipo. Hoja yangu ni kwamba nafasi hiyo ina mahali pake na urefu wake sawasawa na nota yoyote, na asiyeihesabu hukosea nota zinazoifuata, hata kama kila moja ameiimba kwa sauti sahihi.

Ushahidi upo katika uzito wa nota zenyewe. Pigo la kwanza la kipimo ndilo zito, na hapa Beethoven amelikabidhi kwa kimya. Kwa hiyo “mi” ya kwanza inaingia baada ya uzito kupita, na zote tatu zinakimbilia “do”, inayopokea uzito wa kipimo kinachofuata. Ondoa pumziko, na moja kati ya mambo mawili hutokea. Ama “mi” ya kwanza inakaa juu ya pigo na “do” inawahi kwa nusu pigo, ama wapigaji wanazitandaza nota tatu zijaze kipimo kizima kwa urefu sawa. Kosa hili la pili ndilo la kawaida zaidi, na ni gumu kulikamata kwa sababu “do” inafika kwa wakati wake. Kulitambua, piga kofi moja mwanzoni mwa kila kipimo: kofi la kwanza lazima lisikike peke yake, bila sauti yoyote juu yake, na la pili likutane na “do”. Kofi la kwanza likikutana na “mi”, pumziko limemezwa.

Mtu anaweza kupinga: msikilizaji hawezi kusikia kimya kisichotanguliwa na sauti, basi kina faida gani? Ni kweli kwamba hakisikii chenyewe, lakini anasikia matokeo yake, yaani nota tatu nyepesi zinazosukuma mbele badala ya nota tatu nzito zilizosimama. Isitoshe, tangu kipimo cha sita mchoro huohuo unapokezanwa: fidla za pili zinaanza, viola zinafuata, kisha fidla za kwanza. Kila kundi linapoingia, pumziko lake linaangukia palepale kundi lililotangulia linapofikia nota yake ndefu. Anayekata pumziko hapo anaikanyaga nota ya mwenzake, na hilo kila sikio hulisikia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuhesabu hukausha muziki, na fundi huhisi tu. Tuangalie vipimo vyenyewe. Mwaka 1817 Beethoven alitoa mwendo wa sehemu hii: vipimo 108 kwa dakika. Kila kipimo kinachukua zaidi kidogo ya nusu sekunde, na pumziko takriban sehemu ya saba ya sekunde. Hakuna awezaye kutamka “moja” kwa utulivu humo, wala kuvuta pumzi. Kwa hiyo anayepinga ana haki kwa kiasi: wakati wa kupiga, kimya hiki kinahisiwa mwilini. Lakini mwili hauwezi kuhisi pigo ambalo haukuandaliwa. Mwongozaji hutoa ishara ya maandalizi kwa mwendo uleule kamili, mpigaji huvuta pumzi katika ishara hiyo, na mkono unapogonga chini, nota huruka kutoka kwenye pigo badala ya kutua juu yake.

Kwa hiyo kuhesabu kunatangulia, na njia yake ni fupi. Kwa mwendo wa taratibu, kundi ligonge meza kwenye pumziko na kutamka nota tatu baada ya kugonga huko. Likishazoea, kugonga kupunguzwe hadi kutikisa kidole, kisha kubaki kwa mwongozaji peke yake huku mwendo ukiongezwa kidogokidogo. Kila mwendo unapopanda, jaribio la kofi lirudiwe, maana wakati huo ndipo pumziko huanza kuliwa. Anayelipita kwa mwendo kamili hahitaji tena kuhesabu kwa sauti. Hisia anayoitegemea sasa ni hesabu iliyokwisha kukaa mwilini.